Mbu, mbung'o au kupe: mate ya nani uyachague kwa utafiti wako?

Kila mwaka wanafunzi wa uzamili wakishamaliza masomo ya darasani huanza kupita maabara moja hadi nyingine wakitafuta mada. Wapo wanaokuja na wazo ambalo mimi, fundi wa maabara wa miaka mingi, hulipokea kwa furaha: wanataka kuchunguza mate ya wadudu wanyonyao damu. Wanajua tayari kwamba mdudu akitoboa ngozi hanyonyi tu. Kwanza anatema, na ndani ya mate yake mna vitu vya kuzuia damu isigande na vya kuituliza kinga ya mwili, na vimelea hupita humo humo. Wanapokwama ni kwenye mdudu mwenyewe. Amchukue mbu wa malaria, mbung'o au kupe? (Kupe ana miguu minane na si mdudu kwa vipimo vya darasani, lakini humu nitamhesabu pamoja na wenzake.)

Nimewaona waliochagua vizuri na waliochagua vibaya. Waliokosea hawakukosea kwa kuchagua mnyama mbaya. Walichagua swali la mnyama mmoja wakaenda kulijaribu kwa mnyama mwingine.

Tutawapima kwa nini

Kumbuka kwanza mate yanapambana na nini. Ukijikata na wembe, mwili hufanya mambo matatu kwa kufuatana. Mshipa hujikunyata. Chembe sahani hukimbilia mahali palipochanika na kugandamana, zikiitana kwa kumwaga ADP. Halafu mnyororo wa protini za damu huamshwa moja baada ya nyingine hadi kufikia thrombini, na thrombini ndiyo inayogeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za donge. Juu ya hayo huja muwasho na uvimbe, kazi ya histamini na seli za kinga, na muwasho ndio unaomfanya mtu apige kofi au ng'ombe ajikune. Mnyonya damu anapaswa kuyashinda yote haya, tena kwa muda anaohitaji yeye kukaa pale.

Kwa hiyo kwa kila mmoja nitauliza mambo yale yale: mate yake unayapataje na kwa kiasi gani, yanazuiaje damu isigande, yanaifanya nini kinga, kimelea kinafaidika vipi, na mwisho kuna usumbufu gani wa muda, ufugaji na usalama. Jambo la kwanza linadharauliwa sana, na ndilo linalokwamisha watu wengi.

Mbu (Anopheles gambiae)

*Kupata mate.* Tezi za mate za mbu jike ni mbili, kila moja ina vipande vitatu, na ziko kifuani karibu na shingo. Unamlaza mbu kwenye tone la bafa chini ya darubini, unashikilia kifua kwa sindano moja na kwa nyingine unavuta kichwa taratibu. Ukiwa na bahati, tezi zinatoka zikining'inia nyuma ya kichwa kama vidole vya kioo. Mwanafunzi mpya hupasua kumi akapata mbili. Baada ya wiki mbili hivi anafikia hamsini kwa asubuhi moja. Ila jozi moja ya tezi ina protini ya kadiri ya mikrogramu moja tu au zaidi kidogo, hivyo jaribio dogo tu linakula mbu kadhaa, na jaribio la seli za kinga linakula mamia.

Tumia majike wa siku tatu hadi saba ambao hawajala damu, maana aliyetoka kunyonya tayari ametumia sehemu ya akiba yake. Mbu pia anakupa zawadi ambayo wenzake hawana: dume. Dume halinyonyi damu, na tezi zake hazina zile protini za kunyonyea. Ukiweka tezi za dume pembeni kama kipimo cha kulinganisha, unajua mara moja kama unachokiona kinatokana na kazi ya kunyonya au ni takataka za seli yoyote ile.

*Kuzuia damu.* Mbu hukaa kwenye ngozi dakika chache, kwa hiyo silaha yake kuu ni ya haraka: kimeng'enya cha apirazi, kinachovunja ADP hadi AMP ili chembe sahani zisiitane. Mwaka 1984 Ribeiro, Rossignol na Spielman walikata mrija wa mate wa mbu wa aina ya Aedes aegypti. Mbu wale waliweza kula, lakini walichukua muda mrefu zaidi kuupata mshipa. Maana yake ni kwamba mate yanasaidia zaidi katika kutafuta damu kuliko katika kuivuta. Aedes huzuia kipengele cha kumi cha mnyororo, lakini Anopheles hukamata thrombini yenyewe kwa kipande kidogo cha protini kiitwacho anofelini. Ndugu wawili wa familia moja, na kila mmoja ana dawa yake.

Hapa ndipo lilipotokea kosa ninalowasimulia wanafunzi wote. Kijana mmoja hodari alitaka kupima apirazi. Kipimo hicho ni rahisi: unaweka dondoo la tezi pamoja na ADP na kalsiamu, unaacha dakika kumi kwenye nyuzi 37, kisha unatia kemikali ya molibdati inayogeuka buluu kadiri fosfeti inavyoachiliwa. Sahani yake ya visima 96 ilitoka buluu yote, hata visima visivyo na mate. Akarudia, ikawa buluu tena. Akadhani ADP imeharibika, akaagiza nyingine, wiki tatu zikapita. Kumbe tezi zake alizihifadhi kwenye bafa ya fosfeti, ile PBS iliyo kwenye kila friji la maabara. Alikuwa anapima fosfeti ndani ya maji ya fosfeti! Tulipobadili na kutumia bafa ya Tris, visima vya dume vilibaki vyeupe, vya jike vikawa buluu. Kama kisima chako kisicho na tezi kina rangi, usiguse ADP; angalia kwanza bafa.

*Kinga.* Kuna kundi la protini za D7 zinazofunga serotonini na histamini na kuziondoa njiani kabla hazijaleta uvimbe. Kazi hii ni ya kunyonya vitu, haivunji chochote, ndiyo maana D7 ni nyingi sana ndani ya tezi: molekuli moja ya protini inabeba mzigo wake tu, basi. Kwa upande mwingine, mwili wetu nao huyatambua mate. Watu wanaoumwa sana na Anopheles hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya mate iitwayo gSG6, na kingamwili hizo zimetumika kaskazini mashariki mwa Tanzania kupima ni nani anaumwa na mbu kwa kiasi gani. Kwa mwanafunzi hii ni njia safi sana, maana unahitaji tone la damu kwenye karatasi ya chujio, huhitaji kufuga mbu hata mmoja.

*Kimelea.* Sporozoiti za malaria huingia ndani ya tezi na kutoka na mate. Lakini je, mate yanazisaidia? Hapa uwe mwangalifu. Mwaka 2007 kulitolewa matokeo kwamba panya walioumwa kwanza na mbu wasio na malaria walipata kinga fulani dhidi ya maambukizi. Mwaka 2010 kundi jingine likaripoti kwamba mate, na hata kinga dhidi ya mate, havikubadilisha chochote katika uwezo wa sporozoiti kuambukiza panya. Yote mawili yamechapishwa kwenye majarida ya kuheshimika. Mwanafunzi anayetaka jibu la "mate yanaongeza malaria, ndiyo au hapana" ndani ya miaka miwili anaingia kwenye ugomvi wa watu wazima.

*Usumbufu.* Ufugaji ni mwepesi. Yai hadi mbu mzima ni kama siku kumi hadi kumi na mbili kwenye nyuzi 27 na unyevu wa kutosha. Chumba kikiharibika leo, wiki mbili zijazo una mbu tena.

*Anamfaa nani?* Mwenye muda mfupi, mwenye maabara ya mbu jirani, mwenye swali la kikemia kuhusu protini moja, au mwenye swali la afya ya jamii kuhusu nani anaumwa.

Mbung'o (Glossina)

*Kupata mate.* Wanaotoka kwenye mbu hushangaa. Tezi za mbung'o ni mirija miwili mirefu inayoanzia kifuani ikaingia mpaka tumboni, na mwenye jicho zuri anaiona kwa darubini ya kawaida bila shida. Pia kuna njia ya kupata mate halisi bila kupasua: unapasha moto kioo cha darubini hadi kiwe na joto la mwili, unamweka nzi ndani ya kikopo cha wavu juu yake, naye anadanganyika, anachoma, na kuacha vijitone vya mate kwenye kioo. Njia hii ni ya zamani na watafiti wa malale waliitumia kutafuta nzi wenye vimelea. Vijitone vikiwa na trypanosoma unaziona zikicheza chini ya lenzi. Kiasi ni kidogo, lakini ni mate, si supu ya tezi zilizosagwa.

Tofauti hiyo usiipite haraka. Dondoo la tezi lina kila kitu kilichomo ndani ya seli, hata vile ambavyo nzi havitoi kamwe. Ukipata protini ya ajabu kwenye dondoo, swali la kwanza la mtahini litakuwa: je, inatoka nje?

Kipimo cha dume hakipo hapa. Mbung'o dume ananyonya damu kama jike.

*Kuzuia damu.* Hapa mbung'o ndiye bingwa wa somo. Mdomo wake una meno yanayochana mishipa midogo hadi pawe na kidimbwi cha damu chini ya ngozi, naye hunywa kwenye kidimbwi hicho. Damu iliyotoka mshipani ndiyo inayoganda kwa kasi. Mwaka 1928 Lester na Lloyd waliwaondolea mbung'o tezi za mate. Nzi hao waliendelea kula kwa muda, halafu damu ikaganda ndani ya mdomo na njia ya chakula, wakafa. Kwa hiyo mate ya mbung'o yanalinda pia bomba lake mwenyewe, siyo jeraha tu.

Silaha yake maarufu ni kizuizi cha thrombini chenye amino asidi 32 tu, kilichotenganishwa kutoka Glossina morsitans morsitans miaka ya 1990. Ni kidogo kiasi kwamba unaweza kuagiza kitengenezwe kiwandani, na kina nguvu sana. Yeye pia ana apirazi.

Ukitaka kujua dawa ya mdudu wako inapiga wapi kwenye mnyororo, fanya majaribio mawili, na mbung'o ndiye mwalimu mzuri wa kujifunzia. Chukua plazma ya binadamu kutoka kirija cha sitrati (kifuniko cha buluu, cha zambarau kina EDTA na kitakuharibia kazi). Weka mikrolita 50 kwenye kirija kidogo chenye joto la nyuzi 37, ongeza dondoo kidogo, halafu ongeza mikrolita 50 za kloridi ya kalsiamu ya milimola 25 na uwashe saa. Inamisha kirija kila sekunde chache. Kile kisicho na dondoo huganda ndani ya dakika chache: maji yanayotiririka yanageuka ghafla kuwa jeli inayobaki upande mmoja. Chenye dondoo la mbung'o kitaendelea kutiririka muda mrefu baada ya hapo. Sasa rudia, lakini badala ya kalsiamu tia thrombini moja kwa moja. Kama dondoo bado linachelewesha, dawa inapiga kwenye thrombini au chini yake. Kama plazma inaganda kama kawaida, dawa inapiga juu ya thrombini. Mbung'o na Anopheles huchelewesha majaribio yote mawili. Aedes huchelewesha la kwanza, la pili linapita. Kwa vifaa vya maabara ya hospitali ya wilaya tayari una sura nzima ya tasnifu.

*Kinga.* Mwaka 2006 Caljon na wenzake walionyesha kwamba mate ya mbung'o yakichanganywa na trypanosoma na kudungwa kwa panya, maambukizi huanza mapema zaidi, na uvimbe wa kinga mahali pa sindano hupungua. Ni matokeo safi, lakini ni panya na ni sindano. Ng'ombe anayechomwa na nzi mia kwa siku ni habari nyingine.

*Kimelea.* Kama ungeniambia nikuchagulie hadithi moja kati ya zote humu, ningechukua hii. Trypanosoma brucei hukomaa ndani ya tezi za mate, na mwaka 2010 Van Den Abbeele na wenzake waligundua kwamba tezi zenye vimelea hutengeneza mate mabovu: protini za kuzuia damu hupungua sana. Nzi mwenye mate mabovu hapati damu vizuri, kwa hiyo anachoma na kuchoma tena, na anakaa muda mrefu. Kila mchomo ni nafasi nyingine ya kuambukiza. Kimelea kinafaidika kwa kuyaharibu mate, kinyume kabisa na tunavyozoea kufundisha kwamba mate mazuri ndiyo yanayosaidia ugonjwa.

Lakini jihadhari na jambo moja linalowaangusha wengi wanaotoka kwenye mifugo. Trypanosoma congolense na vivax, wanaoleta nagana ya ng'ombe, hawaingii kwenye tezi za mate. Hukomaa ndani ya mdomo wa nzi. Huwezi kufungua tezi kutafuta congolense. Na brucei mwenyewe, nzi wanaofikia hatua ya tezi ni wachache, hata maabarani, tena baada ya wiki tatu au nne.

*Usumbufu.* Mbung'o hatagi. Jike huzaa buu mmoja kila siku tisa au kumi, na pupa hukaa ardhini kama mwezi mzima. Ukiwaua mia kwa jaribio lililoharibika, usitarajie kuwapata tena wiki ijayo. Huwezi kumfuga peke yako kwenye kona ya maabara. Unahitaji kituo chenye koloni tayari. Tanga iliwahi kufuga Glossina austeni kwa wingi, ndipo madume waliotasishwa wakamwagwa Unguja hadi mbung'o wakaisha huko miaka ya 1996 na 1997. Kwenye koloni za Glossina pallidipes angalia pia virusi vinavyovimbisha tezi za mate: ukifungua nzi ukaona mirija minene myeupe kama uzi wa sufi, iweke pembeni, usiiseme ni kawaida. Halafu, wanaolisha nzi kwa mkono wao wenyewe wanaweza kupata mzio mkali. Imewahi kutokea kwa mtafiti mpaka akazidiwa. Tumia utando wa silikoni na damu iliyotolewa nyuzi za fibrini.

*Anamfaa nani?* Mwenye koloni karibu na msimamizi anayeijua, mwenye swali la kugandisha damu au la kimelea kuchezea mate, na mwenye subira. Kwa uzamivu, ni mzuri sana.

Kupe (Rhipicephalus appendiculatus, kupe wa masikio)

*Kupata mate.* Kupe ndiye anayetoa mate mengi kuliko wote, tena halisi. Damu ina maji mengi, na kupe hurudisha sehemu kubwa ya maji hayo ndani ya mnyama kupitia mate. Unachukua jike aliyekula siku tano hivi, umembandua sikioni, unamgeuza chali kwenye kioo kwa gundi au utepe, unamdunga pilokapini kidogo karibu na mguu, na unaweka mrija mwembamba wa kioo juu ya mdomo wake. Ndani ya saa mbili tatu anajaza mikrolita kadhaa. Mwanafunzi aliyezoea mbu akiona hilo kwa mara ya kwanza huwa anacheka.

Tatizo lipo ndani ya mrija huo huo. Pilokapini hutoka na mate, na yenyewe ni dawa inayogusa seli. Ukisema "mate yamezima seli za kinga" bila kuweka kisima chenye bafa na pilokapini ya kiasi hicho hicho, hujasema kitu. Ongeza na kisima cha polimiksini B, dawa inayofunga sumu ya bakteria, kwa sababu kupe hutoka kwenye ngozi chafu ya mnyama na bakteria kidogo tu huleta sumu inayowasha seli za kinga kama moto wa majani makavu. Nimeshaona matokeo mazuri ya "mate yanaamsha kinga" yakifutika pale tu polimiksini ilipowekwa.

Jambo la pili: hakuna "mate ya kupe" moja. Jike wa siku ya kwanza anatema saruji ya kujishikiza, wa siku ya tatu anatema kitu kingine, wa siku ya sita kingine tena. Ukichanganya kupe wa siku zote kwenye kirija kimoja umetengeneza mchuzi usio na jina. Andika siku ya kulisha kwenye kila kirija.

*Kuzuia damu.* Naye hunywa kwenye kidimbwi, lakini kwa siku nyingi. Jike anahitaji wiki hivi. Kwa muda huo kizuizi kimoja hakitoshi, kwa hiyo kupe wana vingi. Kutoka kwa papasi, Ornithodoros moubata, kilipatikana kizuizi cha kipengele cha kumi chenye amino asidi 60. Kutoka Amblyomma variegatum kuna kizuizi cha thrombini kilichopewa jina la varijini. Kila unapochimba unakuta kingine, jambo zuri kwa mchimbaji na baya kwa mwanafunzi anayetaka kumaliza.

*Kinga.* Hapa kupe hana mpinzani, na sababu ni ule muda. Mbu anaondoka kabla kinga haijavaa viatu. Kupe anakaa mpaka kinga ya mwili ianze kazi rasmi, kwa hiyo ni lazima aizuie kikweli. Mwaka 1999 zilielezwa protini za kupe wa masikio zinazokamata histamini na kuifungia ndani yao. Kuna kupe wenye protini zinazokamata kemikali zinazoita seli nyeupe, na papasi niliyemtaja ana protini inayozuia sehemu ya tano ya mfumo wa komplimenti. Linalonifurahisha zaidi ni la mwaka 1998: dume la kupe wa masikio hutema protini inayofunga kingamwili za mnyama, na jike wake anayekula jirani naye hushiba vizuri zaidi. Ukimlisha jike peke yake bila dume, umebadilisha jaribio bila kujua.

*Kimelea.* Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali ya ng'ombe, kupitia Theileria parva. Sporozoiti zake hazijawa tayari kupe anapoanza kula. Hukomaa ndani ya tezi kupe akiwa ameshakaa siku tatu nne. Ndiyo maana kumtoa kupe mapema kunamwokoa ndama, na ndiyo maana chanjo ya kuambukiza na kutibu iliyoanzia Muguga, Kenya, hutengenezwa kwa kupe waliolishwa kwanza kwa sungura siku kadhaa ndipo wanasagwa. Ndama hudungwa majimaji hayo pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu. Majimaji hayo yana vitu vya tezi za mate pia, swali ambalo mwanafunzi makini anaweza kulifuata.

Halafu kuna virusi vya Thogoto, vilivyopatikana mwaka 1960 kwenye kupe wa msitu wa Thogoto karibu na Nairobi. Mwaka 1987 Jones, Davies, Steele na Nuttall waliwalisha kupe wenye virusi na wasio navyo kwenye mnyama mmoja. Wale wasio navyo waliambukizwa ingawa virusi havikuonekana katika damu ya mnyama. Baadaye ikaonekana kwamba dondoo la tezi za kupe likidungwa pamoja na virusi, kupe wengi zaidi huambukizwa. Kupe wawili kwenye ngozi moja, mate ya mmoja yakimfungulia mlango mwenzake.

*Usumbufu.* Kupe wazima ambao hawajala hukaa kwenye chupa yenye unyevu zaidi ya mwaka mmoja wakikusubiri, faraja kubwa kibali kikichelewa. Na kibali kitachelewa, kwa sababu unahitaji sungura au ng'ombe wa kuwalishia, na kamati ya maadili ya wanyama huuliza maswali mengi kuliko ya mbu. Mzunguko wa uzazi wenyewe ni wa miezi. Weka pia utepe wenye gundi pande zote mbili kuzunguka meza. Kupe wachanga hawaonekani mpaka wamekushika.

*Anamfaa nani?* Mwenye swali la kinga, mwanafunzi wa tiba ya mifugo, mwenye banda la sungura na kibali mkononi, na yeyote anayehitaji mate ya kutosha kugawa kwenye majaribio mengi.

Kwa hali yako wewe

Una miezi sita ya maabara na fedha kidogo? Chukua mbu, swali la apirazi au D7, na dume wa kulinganisha. Hata maabara isiyo na mashine ya kisasa inasoma rangi ya buluu.

Huna maabara ya kufuga chochote, lakini una kibali cha kuchukua matone ya damu kijijini? Nenda na kingamwili za gSG6. Kumbuka kuchukua pia watu wa mahali pasipo na mbu wengi, vinginevyo hutajua "juu" ni juu ya nini.

Swali lako ni la damu kuganda, na kituo chenye koloni ya mbung'o kinakukubali kwa mwaka? Mbung'o, na majaribio mawili ya plazma niliyoyaeleza. Kama swali ni la malale na tezi zilizoambukizwa, usilichukue kwa uzamili isipokuwa nzi wenye vimelea wapo tayari siku unayofika.

Unataka kujua jinsi kinga inavyodanganywa? Kupe, bila kujiuliza mara mbili, mradi vibali viko njiani kabla ya kulipia kemikali.

Na kama uko kwenye shamba la ng'ombe mbali na chuo, unafikiria kubandua kupe wa masikio kutoka kwa ng'ombe wenyewe, unaweza, kwa koleo jembamba, ukimshika karibu na ngozi ili mdomo usikatike. Ila muulize kwanza mwenye ng'ombe josho la mwisho lilikuwa lini na kwa dawa gani, na uwadunge kupe pilokapini siku ile ile, kwa sababu kupe aliyebanduliwa jana na kulala ndani ya chupa hatoi mate ya leo.